Chipsi za Viazi Vitamu Zinazolia Mdomoni

Mtu aliyezoea kukaanga viazi mviringo akigeukia viazi vitamu hukuta mazoea yake hayamsaidii. Vijiti vinaingia kwenye mafuta yaleyale, kwa moto uleule, na kabla havijaiva sawasawa kingo zake zimeshakuwa kahawia. Akiviopoa mapema, vinalegea vikiwa bado sahanini. Akiviacha viendelee, vinageuka vyeusi na vichungu, na ukivunja kimoja, katikati bado kina unyevu. Ndiyo maana wengi wameamua kwamba kiazi kitamu ni cha kuchemsha, kuchoma au kupika kwa tui, na chipsi ni kazi ya mbatata. Mimi sikubaliani nao. Chipsi kavu za viazi vitamu zinapatikana, kwa karai la mkaa na kwa oveni pia, ila mpishi aelewe kwanza kijiti kinapitia nini kinapopata moto.

Kinapitia mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kutoka kwa maji. Uso wa kijiti ukifika nyuzi joto 100, maji yake yanachemka na kutoka kama mvuke. Mapovu yote tunayoyaona kwenye karai ni mvuke huo. Maji ya tabaka la nje yakishaisha, joto la tabaka hilo linapanda kupita 100, na wanga uliokuwa umevimba kwa maji unakauka na kuwa ganda jembamba. Ganda hilo ndilo linalolia mtu anapotafuna. Jambo la pili ni rangi. Sukari iliyo kwenye kijiti inakutana na viini vya protini katika joto kali, na kutokana na mkutano huo tunapata ule wekundu wa dhahabu, kisha kahawia, kisha weusi.

Kwenye viazi mviringo sukari ni kidogo, hivyo rangi inachelewa na kuja pamoja na ukavu. Mpishi akiona dhahabu anajua ganda nalo limekauka. Kwenye viazi vitamu sukari ni nyingi, na rangi inatangulia. Dhahabu inaonekana wakati maji hayajatoka ya kutosha. Kwa hiyo kazi nzima ya chipsi hizi, tangu kuchagua kiazi sokoni hadi kuziweka mezani, ni kuyapa maji nafasi ya kutoka kabla sukari haijaungua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalifahamu, nalo lina uzito. Sukari ya kiazi kitamu haiko yote pale tangu mwanzo. Onja kipande kibichi, kisha onja kilichochemshwa: cha pili ni kitamu zaidi. Ndani ya kiazi mna kimeng'enya kinachokata wanga na kuugeuza sukari iitwayo maltosi. Kikiwa kwenye ubaridi hakifanyi kazi kubwa, kwa sababu wanga mbichi ni mgumu kwake. Lakini kiazi kinapopita kati ya nyuzi joto 60 na 80 hivi, wanga unavimba na kulainika, na kimeng'enya bado kiko hai. Hapo kinafanya kazi kwa kasi. Kikipita juu ya hapo, joto linakiua.

Hasara yake ni mara mbili. Sukari inaongezeka, na wanga ambao ungetengeneza ganda unapungua. Kiazi kinachopashwa moto polepole kinakaa muda mrefu kwenye joto hilo, na hiyo ndiyo siri ya kiazi cha kuchoma kwenye majivu kuwa kitamu na laini namna ile. Kwa chipsi tunataka kinyume chake: kijiti kivuke eneo hilo haraka.

Kiazi gani?

Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wapishi wa Marekani hawana. Kule kiazi kitamu cha kawaida dukani ni cha rangi ya chungwa, chenye maji mengi na nyama laini, na maelekezo mengi ya chipsi yanayozunguka duniani yameandikwa kwa ajili ya kiazi hicho. Viazi vyetu vya asili, vyenye nyama nyeupe au ya manjano, vile vinavyoshushwa kutoka Gairo, kanda ya Ziwa au Kabondo, ni vikavu zaidi. Ndivyo watu wanavyosifia kuwa vina unga. Katika viazi vya namna hii, theluthi moja hivi ya uzito inaweza kuwa si maji, na sehemu kubwa ya theluthi hiyo ni wanga.

Tufanye hesabu ndogo ili tuone tofauti. Chukua gramu 800 za vijiti vilivyokwisha kumenywa. Kama kiazi kina asilimia 30 ya vitu vikavu, ndani ya vijiti hivyo mna gramu 240 zisizo maji. Tuseme tunataka chipsi ambayo nusu yake ni maji na nusu ni vitu vikavu, bila kuhesabu mafuta. Itabidi tubaki na gramu 480, maana yake tutoe gramu 320 za maji. Sasa chukua kiazi cha chungwa chenye asilimia 22 tu. Vitu vikavu ni gramu 176, na ili tufike hali ileile tunapaswa kubaki na gramu 352. Maji ya kutoa ni gramu 448, karibu nusu lita. Moto ni uleule, sukari haipungui, lakini maji ya kufukuza yameongezeka kwa zaidi ya theluthi. Hapo ndipo chipsi za chungwa zinapopata sifa mbaya ya kuungua na kulegea kwa pamoja.

Lakini si viazi vyote vya chungwa vilivyo hivyo. Wataalamu wa mbegu walipoanza kuleta viazi lishe huku kwetu, walikuta watu wazima wanavikataa vya majimaji, kwa kuwa wamezoea kiazi cha unga. Mganda Robert Mwanga, mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya viazi hivyo, alitumia miaka mingi kutafuta mbegu zenye rangi ya chungwa na ukavu kwa pamoja. Kabode, iliyotoka Uganda na kuenea kwa majirani, ni tunda la juhudi hiyo. Anayetaka vitamini A ya kiazi lishe ndani ya chipsi kavu aulize Kabode au mbegu nyingine kavu, asichukue tu kiazi chochote chenye rangi.

Sokoni mbegu haijulikani kila mara, hivyo muuzaji akikubali, kata kipande. Kiazi chenye wanga mwingi kinaacha utando mweupe kwenye kisu, na utando ule ukikauka unakuwa kama vumbi la unga. Kiazi cha maji kinaacha kisu kimelowa tu. Muuzaji mwenyewe naye anajua. Ukimwambia unataka kiazi kikavu chenye unga, atakupa. Ukisema unataka kitamu, atakupa kingine.

Na viwe vya karibuni kutoka shambani. Kiazi kinachokaa wiki kadhaa baada ya kuvunwa kinaendelea kugeuza wanga wake kuwa sukari. Kwa kuchemsha hiyo ni faida, kwa kukaanga ni hasara. Friji inaharibu zaidi: chini ya nyuzi 12 hivi kiazi kitamu kinaumizwa na baridi, sukari inaongezeka, na wakati mwingine katikati panabaki pagumu hata baada ya kupikwa. Viweke jikoni mahali penye hewa, visubiri siku mbili tatu, basi.

Ukubwa wa kijiti

Hapa wengi wanakosea kwa kukata vinene, wakiamini kijiti kinene hakitaungua. Joto husafiri polepole ndani ya kiazi, na unene ukiongezeka mara mbili, muda wa joto kufika katikati unaongezeka karibu mara nne. Kijiti cha upana wa sentimita 2 kikiwekwa kwenye mafuta kitakuwa kimeshakuwa cheusi nje wakati moyo wake bado uko nyuzi 60, umetulia palepale ambapo kimeng'enya kinatengeneza sukari.

Wembamba kupita kiasi nao una matatizo yake. Kijiti cha milimita 4 kinakauka chote, kinakuwa kama krispi, na kwa sababu ya sukari kinaruka kutoka dhahabu hadi cheusi kabla mpishi hajageuka. Kwa mafuta, upana mzuri ni kati ya milimita 8 na 10, unene wa kidole kidogo cha mtu mzima. Kwa oveni, ambako hewa hupeleka joto polepole kuliko mafuta, shuka hadi milimita 6 au 7. Kijiti cha milimita 6 kina uso mkubwa wa kutolea mvuke ukilinganisha na ujazo wake, zaidi ya mara moja na nusu ya kile cha sentimita 1, na uso huo ndio njia pekee ya maji kutoka.

Muhimu kuliko kipimo chenyewe ni usawa. Kiazi kitamu kina umbo la ovyo, nene katikati na kilichochongoka pande mbili. Ukikikata kwa kufuata umbo lake utapata vijiti vyenye ncha nyembamba, na ncha hizo ndizo zinazoungua kwanza na kutia uchungu karai zima. Kata ncha zote mbili uziweke kando kwa ajili ya mchuzi au za watoto kuchemshiwa. Kisha toa kipande chembamba ubavuni ili kiazi kikae bila kuyumba ubaoni. Kata mabapa ya milimita 8, yalaze, ukate tena milimita 8. Kisu kiwe kikali, kwa sababu kiazi kibichi ni kigumu na kisu butu kinakipasua badala ya kukikata.

Maji, kitambaa na wanga

Vijiti vikikatwa vinatoa utomvu mweupe unaonata, na uso wake una sukari na wanga uliomwagika kutoka kwenye chembe zilizokatwa na kisu. Vioshe mpaka maji yawe meupe, kisha viloweke kwenye maji baridi nusu saa. Kuloweka hakuondoi sukari ya ndani, na anayedai hivyo anatia chumvi. Kinachoondoka ni ile ya usoni, lakini usoni ndiko kunakoungua kwanza, kwa hiyo faida inaonekana: rangi inakuja taratibu zaidi na kwa usawa.

Baada ya hapo vikaushe kwa kitambaa safi, na vikaushe kwelikweli. Vitandaze, vifunike kwa kitambaa kingine, vibonyeze, kisha viache wazi dakika kumi vipigwe na hewa. Kila tone la maji linalobaki usoni linachukua moto ambao ungekausha ganda, na kwenye mafuta linaruka na kuunguza mikono.

Sasa wanga. Kiazi kitamu kina wanga, lakini tumeona kwamba sehemu yake inaliwa na kimeng'enya wakati wa kupika. Tunaurudisha kutoka nje. Tandiko jembamba la wanga lisilo na sukari linakaa kati ya kiazi na moto, linakauka kabla ya kiazi chenyewe, na kwa kuwa halina sukari halikimbilii kuwa jeusi. Hapo ndipo tunapata ganda kavu juu ya kiazi ambacho rangi yake bado ni ya dhahabu.

Wanga wa mahindi unaouzwa kwa pakiti ndogo za kutengenezea kastadi unafaa sana. Unga wa mchele, ambao jiko la pwani halikosi kwa ajili ya vitumbua na mikate ya kumimina, unatoa ganda gumu zaidi linalodumu. Unga wa muhogo mweupe uliochekechwa vizuri nao unafaa, na ndio wa bei nafuu mahali pengi. Epuka ule wa muhogo uliovundikwa, kwa sababu harufu yake inabaki kwenye chipsi. Unga wa ngano sishauri. Protini yake inaharakisha rangi, yaani inaongeza tatizo lilelile tunalolikimbia, na ganda lake likipoa linakuwa kama ngozi.

Kwenye karai

Tuchukue gramu 800 zetu za kiazi cha manjano, vijiti vya milimita 8 hadi 10, vilivyokwisha loweshwa na kukaushwa. Kwenye bakuli koroga gramu 60 za wanga wa mahindi au unga wa mchele na mililita 150 za maji baridi. Mchanganyiko uwe mwepesi, unaoteleza. Weka vijiti, geuza kwa mikono mpaka kila kimoja kipate utando, kisha vihamishie kwenye chujio ili ziada idondoke. Wanga unazama haraka, kwa hiyo koroga tena kila unapochukua fungu jipya.

Mafuta yawe lita moja na nusu au mbili, ya alizeti yaliyosafishwa au mengine yasiyotoa moshi mapema. Mafuta ya alizeti ya kukamuliwa mtaani, yale meusimeusi yenye harufu nzuri, yanafaa kwa mboga lakini si hapa. Yanatoa povu na moshi kabla hayajafika joto tunalolihitaji.

Tunakaanga mara mbili, na kila mara ina kazi yake. Mara ya kwanza ni ya kuivisha na kutoa maji, kwa joto la nyuzi 150 hadi 160, dakika nne au tano. Asiye na kipimajoto adumbukize kijiti kimoja: kikizama kidogo kisha kikaelea na mapovu madogo yasiyo na fujo, joto limefika. Kikibaki chini bila povu, mafuta ni baridi. Povu likilipuka mara moja, ni moto mno. Weka vijiti gramu 200 kwa fungu, viganja viwili hivi vilivyojaa. Mafuta ya lita mbili yakipokea kilo nzima kwa mkupuo yanapoa ghafla, vijiti vinaanza kuchemka badala ya kukaanga, na utando wa wanga unayeyukia kwenye mafuta. Kwenye jiko la mkaa hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mkaa hauwezi kuongezwa moto papo hapo kama gesi.

Sikiliza karai. Mwanzo linapiga kelele kwa sababu mvuke ni mwingi, kisha kelele inapungua. Toa vijiti wakati vimelainika, ganda lake limepauka, na kingo zimeanza tu kugeuka manjano. Vikishakuwa na rangi ya dhahabu katika awamu hii umechelewa, au mafuta yalikuwa moto mno. Vitandaze kwenye chujio pana au wavu, visirundikwe, uviache dakika 15 hadi 30. Muda huo si wa kupumzika bure. Unyevu uliobaki katikati unasogea taratibu kuelekea nje, mvuke unaendelea kutoka, na wanga wa ganda unapopoa unajipanga na kukaza.

Mara ya pili joto ni nyuzi 175 hadi 180, kwa dakika moja na nusu au mbili tu. Hapa usiondoke. Kwa viazi mviringo watu hupandisha hadi 190 bila shida. Kwa viazi vitamu ukipita 180 sukari inakushinda. Mapovu yatakuwa makali lakini yatapungua haraka, kwa kuwa maji yaliyobaki usoni ni machache. Vijiti vikigongana na upawa wa matundu utasikia mlio mkavu badala ya ule mzito wa awamu ya kwanza. Huo mlio ni kipimo bora kuliko rangi.

Rangi ya kutafuta ni dhahabu, si kahawia. Sababu ya kwanza ni uchungu. Ya pili ilijulikana mwaka 2002, wanasayansi wa Sweden walipotangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo inashukiwa kusababisha saratani. Inatokana na sukari na kiini kimoja cha protini kukutana kwenye joto linalozidi nyuzi 120, na huongezeka kadiri chakula kinavyozidi kuwa cheusi. Kiazi chenye sukari nyingi kina kila sababu ya kuangaliwa.

Ukiopoa, tikisa chujio mara moja na kwa nguvu. Wakati wa kukaanga, mvuke unaotoka huzuia mafuta yasiingie. Kijiti kikitoka na kuanza kupoa, mvuke wa ndani unajikunja na kuyavuta ndani mafuta yaliyobaki usoni. Chipsi nyingi zenye mafuta mengi zimeyanywa nje ya karai, katika nusu dakika ya kwanza. Chumvi itiwe hapo hapo zikiwa za moto, kamwe isitiwe kabla ya kukaanga, kwa sababu chumvi huvuta maji ya ndani na kuyaleta usoni.

Kama kiazi kilichopatikana ni kile cha chungwa chenye maji, kuna hatua ya kuongeza kabla ya utando wa wanga. Chemsha maji mengi, tia chumvi kidogo na kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita, kisha tumbukiza vijiti kwa mafungu madogo, dakika tatu. Maji yawe yanatokota kwa nguvu ili kijiti kivuke haraka lile joto la kimeng'enya. Siki inasaidia kuta za chembe zisivunjike, vijiti visije vikakatika. Vitoe, vitandaze kwenye wavu mpaka uso ukauke kabisa, ndipo upake utando na kukaanga. Awamu ya kwanza ya mafuta sasa itakuwa dakika mbili au tatu tu.

Kwenye oveni

Chipsi za oveni hazitakuwa sawa na za mafuta, na ni vizuri kulisema hilo wazi. Mafuta yanagusa kijiti pande zote na kukipa joto kwa kasi ambayo hewa haiwezi. Lakini kwa vijiti vyembamba na kiazi kikavu, oveni inatoa chipsi yenye ganda zuri kwa vijiko viwili vya mafuta.

Washa oveni mapema, nyuzi 220, au 200 kama ina feni, na uiache dakika 15 hadi 20 kabla ya kuweka kitu. Kuweka vijiti kwenye oveni inayoanza kupata moto ni kuvipeleka taratibu kwenye lile eneo la nyuzi 60 hadi 80 na kuvikalisha humo. Weka na trei ndani iwe ya moto, ili upande wa chini uanze kukauka tangu vijiti vinapogusa chuma.

Kwa gramu 400 za vijiti vya milimita 6 tumia wanga mkavu badala ya ule wa kukorogwa na maji: kijiko kikubwa kimoja kilichosawazishwa. Nyunyiza, geuza mpaka unga usionekane, kisha ndipo utie vijiko viwili vikubwa vya mafuta na kugeuza tena. Utaratibu huu una maana. Wanga unashika unyevu mdogo ulio usoni na kuganda pale; mafuta yakitangulia, wanga unateleza na kufanya mabonge. Wanga ukizidi utabaki na sehemu nyeupe zenye ladha ya unga mbichi.

Kisha panga vijiti bila kugusana. Gramu 400 zinajaza trei moja ya kawaida, na hiyo ndiyo sababu sikutaja kilo. Vikirundikana, mvuke wa kimoja unakipikia kingine, na matokeo ni viazi vya kuchemsha vyenye madoa meusi. Oka dakika 12, geuza kila kijiti, zungusha trei kwa kuwa oveni nyingi za nyumbani zina kona yenye moto zaidi, oka tena dakika 8 hadi 10. Ukigeuza, fungua mlango kwa sekunde chache mvuke utoke. Kingo zikifika dhahabu zima moto, acha mlango wazi kidogo na uziache chipsi humo dakika tano hadi kumi. Joto lililobaki halitoshi kuziunguza lakini linatosha kumalizia kukausha ganda. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha chipsi ya oveni iliyo kavu na iliyo laini.

Kama madoa meusi yanatokea chini huku juu pamepauka, oveni yako inapata moto kutoka chini tu; pandisha trei ngazi moja. Kama zimepauka pote na zimelegea, trei ilijaa au oveni haikufika joto lililoandikwa kwenye kitufe, jambo la kawaida kwa majiko yaliyozeeka. Zikiwa nyeusi nje na mbichi ndani, vijiti ni vinene.

Mezani na baada ya hapo

Ganda likishapatikana linaanza kupotea papo hapo. Unyevu uliobaki katikati unahamia nje, na sukari yenyewe hupenda kuvuta maji hewani, hasa kwenye miji ya pwani yenye unyevunyevu. Chipsi za viazi vitamu zina kama dakika kumi za ubora wake, kumi na tano zikiwa na ganda la unga wa mchele. Usizifunike, usizitie kwenye mfuko wa plastiki au chombo chenye kifuniko, na kachumbari au ukwaju wa kuchovya uwe kwenye kibakuli chake.

Kwa sababu hiyo, anayetarajia wageni, au anayeuza, asimalize kukaanga mapema. Amalize awamu ya kwanza tu, atandaze vijiti, na awamu ya pili aifanye watu wakiwa wameketi. Vijiti vya awamu ya kwanza vinaweza kusubiri saa mbili mahali penye hewa. Vikihitajika siku nyingine, vipange kwenye trei visigusane, viweke kwenye friza mpaka viwe vigumu, ndipo uvitie mfukoni. Ukivitia mfukoni moja kwa moja vitaganda kwa bonge moja. Siku ya kuvila havitolewi kuyeyuka kwanza. Vinakwenda kwenye mafuta ya nyuzi 175 vikiwa na barafu yake, gramu 150 kwa fungu na si zaidi, na vinachukua dakika tatu badala ya mbili.